Mwalimu Anayebadili Kazi: Usanifu wa Mafunzo, Ufuatiliaji na Tathmini, au Uratibu wa Miradi?

Mwalimu anapoanza kufikiria kuacha ualimu, kwa kawaida huandika kwanza orodha ya stadi zake, na orodha hiyo karibu kila mara husomeka hivi: mawasiliano, uongozi, kupanga, kusimamia muda, kufanya kazi na watu. Hakuna uongo ndani yake, ila haimsaidii kuchagua, kwa kuwa maneno hayohayo yanamfaa muuguzi, afisa wa benki na msimamizi wa ghala. Stadi inayofaa kila mahali haiwezi kuonyesha mahali pa kwenda.

Sababu yake ilikwisha kujulikana tangu mwaka 1901, wakati wanasaikolojia Edward Thorndike na Robert Woodworth walipochapisha majaribio yao kuhusu namna mazoezi ya kazi moja yanavyosaidia kazi nyingine. Watu waliofanya mazoezi ya kukadiria ukubwa wa mistatili hawakupata faida kubwa walipopewa maumbo ya aina nyingine, hata kama kwa jina kazi ilikuwa ileile ya “kukadiria eneo”. Hoja yao ilikuwa kwamba ujuzi huhama kwa kiasi ambacho kazi mbili zina vijenzi vya pamoja. Kwa mwalimu, maana yake ni kwamba “mawasiliano” ya mbele ya darasa na “mawasiliano” ya kumweleza mfadhili kwa nini fedha zimechelewa kutumika huenda yakawa na jina moja tu la pamoja.

Kwa hiyo ulinganisho huu unashika kazi zenyewe. Tuchukue mwalimu wa biolojia wa sekondari aliyefundisha miaka 12, ambaye amekuwa mkuu wa idara, ametunga mitihani ya ndani na kuongoza usahihishaji wake. Mbele yake kuna nyanja tatu ambazo walimu wengi huzitazama: usanifu wa mafunzo kwa wafanyakazi wa taasisi na kampuni, ufuatiliaji na tathmini wa miradi, na uratibu wa miradi. Kwa kila kazi anayoifanya sasa tutauliza maswali manne: anashughulikia kitu gani, nani anakipokea, inachukua muda gani kujua kwamba amekosea, na nani anaamua kwamba kazi ni nzuri. Majibu yakifanana, stadi inahama. Yakitofautiana katika mawili au matatu, kinachohama ni jina.

Kuvunja kazi vipande

Uvunjaji huanza na muhula mmoja wa kawaida. Mwalimu anaandika kila alichokifanya kwa kitenzi na kitu chake: nilitunga mtihani wa maswali 40, nilisawazisha alama za wasahihishaji, niliandaa azimio la kazi, niliwaongoza walimu wapya wawili, nilizungumza na wazazi wa wanafunzi waliokuwa wakikosa vipindi. Sentensi ambayo haina kitu cha kuonyesha nyuma yake, yaani hati, jedwali, mwongozo au matokeo, iwekwe kando kwanza, kwa sababu mwajiri mpya hataiona.

Kisha kila sentensi ipewe alama mbili: moja ya uwezo, nyingine ya hamu ya kuifanya kazi hiyo mchana kutwa. Alama ya pili ndiyo inayosahaulika mara nyingi. Kama ni marundo ya kusahihisha yaliyomchosha mwalimu hadi akataka kuondoka, basi ustadi wake wa kusahihisha, hata uwe mkubwa namna gani, unampeleka kwenye meza nyingine yenye marundo yaleyale.

Hatua inayofuata ni kulinganisha sentensi hizo na maelezo ya kazi yaliyopangwa vizuri. Hifadhidata mbili za bure zinafaa. O*NET ya Wizara ya Kazi ya Marekani inaeleza kila kazi kwa stadi 35 na kuipa kila stadi vipimo viwili tofauti: umuhimu, kuanzia 1 hadi 5, na kiwango kinachohitajika, kuanzia 0 hadi 7. ESCO ya Kamisheni ya Ulaya inaonyesha kama stadi fulani inatumika katika fani zote, katika sekta kadhaa, katika sekta moja, au katika kazi moja tu. Zote mbili zilitengenezwa kwa masoko ya kazi ya huko, kwa hiyo hazisemi lolote kuhusu nafasi zilizopo mahali pengine, lakini tofauti kati ya umuhimu na kiwango inafaa popote. Kuandika ni muhimu kwa mwalimu na kwa mtathmini pia. Kiwango cha uandishi kinachodaiwa katika ripoti ya tathmini ndicho kinachotofautiana.

Mtihani mmoja, nyanja tatu

Kutunga na kusahihisha mtihani ndiyo kazi inayozitenganisha nyanja hizi kwa uwazi zaidi, na ndiyo mali ambayo walimu wengi huidharau.

Mwalimu wetu anaanza na jedwali la utahini, linaloonyesha kila mada itakuwa na maswali mangapi na ya kiwango gani cha kufikiri. Baada ya mtihani anatazama swali moja moja. Katika darasa la wanafunzi 40, anachukua asilimia 27 waliofanya vizuri zaidi, yaani takribani 11, na 11 waliofanya vibaya zaidi. Swali la 7 limejibiwa kwa usahihi na wanafunzi 4 wa kundi la juu na 7 wa kundi la chini. Tofauti ni hasi 3, na ikigawanywa kwa 11 inakuwa hasi 0.27. Swali ambalo dhaifu wanalipata na hodari wanalikosa lina kasoro: ama jibu lililowekwa kwenye mwongozo wa usahihishaji si sahihi, ama sentensi ya swali inamtega yule anayejua zaidi.

Katika ufuatiliaji na tathmini, kazi hii inahama karibu nzima. Dodoso hujaribiwa kwanza kwa watu wachache, kisha kila swali huchunguzwa kama linapima kilichokusudiwa. Viashiria vya mradi hupangwa kwenye jedwali linalofanana sana na lile la utahini. Na wakusanyaji wa data husawazishwa kama wasahihishaji wanavyosawazishwa, ili watu wawili wakisikia jibu moja waliandike kwa namna moja. Kitu kinachoshughulikiwa ni kilekile, yaani ushahidi wa mabadiliko ndani ya watu. Anayeamua ubora pia ni wa aina moja, yaani mkaguzi wa nje anayeuliza namba hizi zimetoka wapi.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi jicho la mwalimu linavyofaa huko. Mradi umewafundisha watu 200, na ripoti inasema wastani wa alama umepanda kutoka 48 hadi 61. Mwalimu mzoefu anauliza mara moja: waliofanya jaribio la mwisho ni wangapi? Ikionekana ni 140 tu, na kwamba hao 140 peke yao walikuwa na wastani wa 55 mwanzoni, basi ongezeko halisi ni alama 6. Zile 7 nyingine zimetokana na kuondoka kwa walio dhaifu. Kila mwalimu amewahi kuona wastani wa darasa ukipanda baada ya wanafunzi kuacha shule, na hahitaji kozi ili alishuku jambo hilo.

Katika usanifu wa mafunzo, kazi ya mtihani inahama nusu. Kutunga maswali ya mwisho wa somo ni rahisi kwake, lakini mwajiri mara nyingi hajali alama za maswali hayo. Mgawanyo wa tathmini ya mafunzo uliopendekezwa na Donald Kirkpatrick, ambao bado unatumika sana, una ngazi nne: washiriki waliyapokeaje mafunzo, wamejifunza nini, wamebadili nini kazini, na taasisi imepata nini. Shule humzoeza mwalimu ngazi ya pili kwa kina kikubwa. Msanifu wa mafunzo hulipwa kwa sababu ya ngazi ya tatu, na hiyo hupimwa wiki au miezi baadaye, kwenye sehemu ya kazi ambako mwalimu hayupo.

Katika uratibu wa miradi, mtihani unahama kidogo sana. Kinachobaki ni nidhamu ya tarehe na utunzaji wa nyaraka. Ni stadi nzuri, lakini msaidizi wa ofisi mwangalifu anayo pia.

Andalio la somo linapotoka darasani

Hapa mizani inageuka. Anayependa kuandaa somo kuliko kulisahihisha ataona kwamba usanifu wa mafunzo unafanana na kazi yake kwa mtazamo wa kwanza: kuna malengo, mpangilio wa hatua, mifano, mazoezi na tathmini. Utaratibu unaotumika sana una hatua tano, yaani uchambuzi, usanifu, utengenezaji, utekelezaji na tathmini, na mwalimu huzitambua zote isipokuwa ya kwanza. Mtaala ulikuwa umeshamfanyia uchambuzi. Aliambiwa cha kufundisha.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Tuseme meneja anaomba kozi kwa sababu wafanyakazi wa ghala wanakosea kuandika mizigo inayoingia. Silika ya mwalimu ni kuandaa somo la kuandika mizigo. Msanifu mzoefu anaomba kwanza fomu zenyewe na rekodi za makosa. Akikuta kwamba makosa mengi yako kwenye visanduku viwili vinavyofanana majina, na kwamba wafanyakazi wakiulizwa wanaeleza utaratibu bila kukosea, basi hakuna somo la kutoa. Fomu ndiyo ya kurekebishwa. Mwalimu aliyehamia huko bila kujifunza kusema “hapa mafunzo hayatasaidia” hutengeneza kozi nzuri ambazo hazibadilishi kitu, na hujulikana kwa hilo upesi.

Kuna tofauti ya pili. Darasani mwalimu ndiye mjuzi wa somo na yupo mwenyewe linapofundishwa. Maelezo yakishindwa, anaona nyuso, anabadili mfano papo hapo, na kosa limerekebishwa ndani ya dakika moja. Msanifu hana moja wala jingine kati ya hayo. Maudhui anayachota kwa mtaalamu wa mada, ambaye kwa kawaida ana shughuli nyingi na amesahau jinsi mgeni anavyolitazama jambo hilo, na kozi iliyowekwa kwenye mfumo kama Moodle inasomwa na mtu aliye peke yake, asiye na wa kumuuliza. Kwa hiyo maelekezo yanayotegemea sauti na uwepo wa mwalimu yanapaswa kuandikwa upya hadi yajisimamie. Walimu waliozoea kuandaa kazi za kujisomea, au kumwachia mwalimu mwingine somo kamili la kufundisha kwa niaba yao, huvuka pengo hili kwa urahisi zaidi kuliko wale ambao ubora wao wote uko mdomoni. Jambo hili halitajwi vya kutosha: mwalimu anayependwa sana na darasa lake anaweza kuwa ndiye anayepoteza zaidi akiingia kwenye usanifu, na huyo pengine angefaa zaidi kuwa mkufunzi wa ana kwa ana.

Katika ufuatiliaji na tathmini, andalio la somo linafaa kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Miradi mingi hupangwa kwa jedwali la mantiki, ambalo huunganisha shughuli, mazao yake, matokeo na lengo kuu, pamoja na viashiria na vyanzo vya uthibitisho. Kosa la kawaida kabisa katika majedwali hayo ni kuandika shughuli mahali pa matokeo: “watu 200 wamefundishwa” badala ya “watu wanaofanya jambo fulani kwa namna mpya”. Mwalimu aliyewahi kukosolewa na mkaguzi kwa kuandika “kufundisha usanisinuru” kama lengo mahususi, badala ya kile ambacho mwanafunzi ataweza kukifanya, analijua kosa hilo kwa jina lingine.

Kwa uratibu wa miradi, azimio la kazi linaonekana kama ratiba ya mradi, na hapa ndipo walimu wengi hujidanganya. Muhula una mwanzo na mwisho usiobadilika, maudhui yamepangwa na wengine, na fedha kwa sehemu kubwa ziko mikononi mwa uongozi. Mwalimu amezoea kubana kazi ndani ya chombo kisichobadilika. Mratibu hufanya kinyume chake: anajadiliana juu ya chombo chenyewe. Mteja anaongeza mahitaji katikati ya kazi, mzabuni anachelewa, na mratibu anapaswa kusema ama tarehe isogee, ama bajeti iongezwe, ama kazi ipunguzwe. Mwalimu wa kawaida hajawahi kuwa na ruhusa ya kusema hivyo, na stadi isiyowahi kuruhusiwa kutumika hapaswi kudai kwamba anayo.

Hata hivyo, wapo ambao kazi zao za ziada zinabadili hukumu hii. Aliyesimamia ujenzi wa maabara ya shule kwa kulinganisha bei za wazabuni watatu, kufuatilia malipo kwa awamu na kutoa taarifa kwa bodi ana ushahidi halisi wa uratibu, na asiuzike chini ya maneno ya ualimu.

Kuhusu kulisimamia darasa lenyewe, halihitaji maneno mengi. Kutuliza watu 40 kunasaidia kuendesha warsha na mahojiano ya vikundi, lakini mamlaka ya mwalimu juu ya mwanafunzi hayapo kati yake na mtu mzima. Mshiriki wa warsha anaweza kuinuka akaondoka.

Mapengo yenyewe

Ukubwa wa pengo una maana ndogo kuliko aina yake. Lipo pengo linalozibwa kwa kujisomea, lipo linalozibwa kwa kutengeneza kitu cha kuonyesha, na lipo ambalo haliwezi kuzibwa hadi mtu mwingine akupe dhamana.

Ufuatiliaji na tathmini una zaidi pengo la aina ya kwanza. Mwalimu wa biolojia anajua majaribio yenye kundi la kulinganishia; anachokosa ni uchaguzi wa sampuli, kusafisha data chafu kwenye Excel, utengenezaji wa dodoso la simu katika zana kama KoboToolbox, na uandishi wa ripoti unaoanza na jibu kabla ya njia iliyotumika kulipata. Vyote vinajifunzika nyumbani. Kikwazo kiko kwingine: nafasi nyingi hufuata miradi yenye muda maalumu, na mkataba huisha pamoja na fedha. Aliyezoea mshahara wa kudumu ajiulize hilo kabla ya kujiuliza kama anaiweza kazi.

Usanifu wa mafunzo una pengo la aina ya pili. Vyeti huko vina uzito mdogo kuliko sampuli za kazi, na somo la shule halikubaliki sana kama sampuli, kwa kuwa mwajiri anataka kuona tatizo la kazini, uchambuzi wake, na kipande cha mafunzo kinachoendana nalo. Vipande viwili au vitatu vifupi, kila kimoja kikiwa na ukurasa unaoeleza kwa nini kilitengenezwa hivyo, vinatosha kuanzia mazungumzo.

Uratibu wa miradi una pengo la aina ya tatu. Maneno ya fani hujifunzika upesi, lakini bajeti na mikataba hukabidhiwa aliyewahi kukabidhiwa. Njia ya kawaida ni kuingia kama msaidizi wa mradi, ngazi ambayo kwa mkuu wa idara wa miaka 12 ni kushuka waziwazi, au kuingia kwa mlango wa miradi ya elimu, ambako kulijua somo kunafidia upungufu wa usimamizi.

Kujaribu kabla ya kuondoka

Ulinganisho wa kwenye karatasi una mwisho wake, kwa hiyo ni vizuri kujaribu kila nyanja kwa kazi ndogo wakati mshahara bado unaingia. Kwa ufuatiliaji na tathmini, mwalimu achukue matokeo ya idara yake ya miaka mitatu, aondoe majina ya wanafunzi, aandike kurasa nne zinazojibu swali moja tu: je, vipindi vya ziada viliwasaidia waliovihudhuria, au waliovihudhuria walikuwa tayari bora? Kwa usanifu, atafute kosa linalojirudia kwa watu wazima waliomzunguka, kwa mfano ujazaji wa fomu ya shule unaokosewa kila muhula, achunguze chanzo chake, kisha atengeneze mwongozo unaoweza kutumiwa bila yeye kuwapo. Kwa uratibu, aombe jukumu lenye fedha, hata dogo, na atunze kumbukumbu ya kila mabadiliko ya tarehe na gharama.

Kinachosomwa katika majaribio haya ni mahali anapokwama. Akikwama kwenye kanuni za takwimu, hilo linafundishika. Lakini akiona kwamba kila baada ya nusu saa anaacha data na kutafuta mtu wa kuzungumza naye, hiyo ni habari kuhusu alama ya hamu, na hakuna kozi itakayoibadilisha. Ishara nyingine ni msomaji wa nje: ampe kazi hiyo mtu asiye mwalimu, bila maelezo ya mdomo, kisha amwombe aeleze alichoelewa. Akihitaji kumfafanulia, kazi bado imeandikwa kwa ajili ya darasa.

Kwa mwalimu huyu

Kwa rekodi aliyonayo, ningempeleka kwanza kwenye ufuatiliaji na tathmini, kwa sababu vijenzi vingi zaidi vinafanana na ushahidi upo tayari kwenye kabati la idara. Katika wasifu wake asiandike “uzoefu mkubwa wa kutathmini wanafunzi”. Kama rekodi zinathibitisha, aandike kwa mfano: “Niliongoza wasahihishaji 6 katika mtihani wa watahiniwa 240, baada ya kikao cha kusawazisha, tofauti kubwa kabisa ya alama kati ya wasahihishaji wawili ilishuka kutoka 9 hadi 3 kati ya 50.” Sentensi hiyo inasomeka bila tafsiri na yeyote aliyewahi kusimamia wakusanyaji wa data.

Hukumu hii ingebadilika kwa mambo mawili. Angekuwa mtu ambaye maandalio yake huazimwa na walimu wengine na kufundishika bila yeye, usanifu wa mafunzo ungetangulia, hata kama ungemgharimu miezi ya kutengeneza sampuli. Na kama hawezi kabisa kuishi kwa mikataba inayoisha, atafute tathmini ndani ya taasisi za kudumu, kama vile mabaraza ya mitihani na idara za ubora za vyuo, ambako kazi ni ileile lakini ajira haifungwi na mradi. Nafasi huko ni chache na ushindani ni mkubwa, ila pale jedwali la utahini na ile hesabu ya hasi 0.27 havihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote kwenye meza ya usaili.